Laptopu na uhasibu ukiwa Tanga: fungia hesabu gesti za wenye mali walio mbali

"Wakuu, niko Tanga mjini, nina laptopu na stashahada ya uhasibu. Kazi za nje naomba tu, sijibiwi. Ni huduma gani naweza kuuza mtandaoni nikiwa hapa hapa?"

Mkuu, jaribu hii ninayofanya mimi: kufunga hesabu za mwezi kwa wenye gesti wasioishi Tanga. Wapo wengi. Mtu yuko Dar au Muscat, gesti iko Raskazone au Pangani, anayeshika funguo ni meneja, na mwenye mali anachoona ni meseji za hela tu. Hahitaji mhasibu wa kukaa ofisini. Anahitaji mtu wa kumwambia kila mwezi hela iliyopaswa kuingia ni ngapi na iliyoingia ni ngapi.

Unaomba vitu vitatu. Meneja akupigie picha kurasa za kitabu cha wageni kila jioni, akutumie WhatsApp. Mwenye mali mwenyewe akutumie taarifa ya Lipa Namba na ya benki. Usikubali kupewa namba ya siri, hata akikuamini kama mwanawe. Siku hela ikipotea utakuwa wa kwanza kuulizwa. Cha tatu ni daftari la matumizi pamoja na risiti zake.

Ukishayapata, usianze na hela, anza na vitanda. Tuseme gesti ina vyumba 10, bei 30,000 kwa usiku, na kitabu cha Juni kinaonyesha usiku 142 zimelalwa. Hiyo ni 4,260,000. Usiku 12 kati ya hizo ziliuzwa 25,000 kwa ruhusa ya tajiri, toa 60,000. Iliyotakiwa kupatikana ni 4,200,000. Sasa upande wa pili: Lipa Namba 2,615,000, taslimu iliyopelekwa benki 1,180,000, matumizi yaliyolipwa na taslimu kabla haijafika benki 285,000. Jumla 4,080,000. Pungufu 120,000, yaani usiku nne. Kabla hujamwandikia tajiri kwamba kaibiwa, angalia ukurasa wa mwisho wa mwezi. Mara nyingi utamkuta mgeni aliyelala siku za mwisho za Juni akalipa Julai alipoondoka. Hilo ni deni, liandike hivyo, na mwezi ujao usilihesabu tena kama mauzo mapya.

Wengi huharibu kwenye benki. Hela ya Lipa Namba ikihamishiwa benki, inaonekana kwenye taarifa zote mbili. Ukijumlisha bila kuangalia, hela hiyo itahesabiwa mara mbili, na tajiri atafurahia faida ambayo haipo. Kila uhamisho uupe safu yake, usiingie kwenye mapato. Makato nayo yaandike peke yake kama gharama: mgeni akilipa 30,000, mapato ni 30,000 hata kama iliyobaki ni pungufu.

Jingine ni meseji ya malipo iliyotumika mara mbili. Mgeni anamwonyesha meneja meseji ya jana, au meneja anaandika muamala mmoja kwa vyumba viwili. Weka namba za miamala kwenye safu C, na pembeni weka hii:

```
=COUNTIF(C:C,C2)>1
```

Ikikupa TRUE, uliza. Huenda ni familia iliyolipia vyumba viwili kwa pamoja.

Ila hesabu inaweza kukubali hadi senti ya mwisho na wizi ukawepo: mgeni hakuandikwa kabisa. Hapo kitabu hakikusaidii. Mimi huomba karatasi ya dobi. Kama wageni walioondoka ni 80 na mashuka yaliyofuliwa ni ya vyumba 110, nataka maelezo. Wageni wa muda mrefu hubadilishiwa mashuka, kwa hiyo siyo ushahidi, ni swali. LUKU nayo gawanya: uniti za mwezi kwa idadi ya usiku zilizolalwa. Ikipanda ghafla Juni, uliza. Ikipanda Februari, tulia kidogo, joto la Tanga unalijua na viyoyozi havizimwi.

Bei toza kwa mwezi, siyo kwa saa. Kwa gesti ya vyumba 10 mimi huanzia laki moja na nusu. Mwezi wa kwanza ndio mzito, kwa sababu unasafisha madaftari ya zamani.

Mipaka yako uiandike kwenye makubaliano. Stashahada haikupi ruhusa ya kukagua na kusaini hesabu, hiyo ni ya wakaguzi waliosajiliwa NBAA, na kumwakilisha mtu TRA kama mshauri wa kodi kunataka usajili wake. Wewe unatunza vitabu tu. Mshauri wake atavichukua vikiwa safi.

Na ripoti mtumie meneja kwanza, umpe siku mbili ajibu, ndipo uipeleke kwa tajiri. Ukimruka, picha za kitabu zitaanza kuja zina ukungu.