Kugawa kifungu kirefu bila kugeuza maana

"Kanuni ya gati letu hapa Lamu inasema: 'Nahodha atakayepakia abiria usiku bila kibali cha katibu, isipokuwa wakati wa dharura, atatozwa faini isiyozidi shilingi 2,000.' Nitaigawaje?"

Ndugu yangu, iandike hivi:

(1) Nahodha hatapakia abiria usiku bila kibali cha katibu.
(2) Kifungu kidogo cha (1) hakitumiki wakati wa dharura.
(3) Nahodha atakayekiuka kifungu kidogo cha (1) atatozwa faini isiyozidi shilingi 2,000.

Penye hatari ni ile dharura. Ukiandika "wakati wa dharura faini haitatozwa", umeondoa adhabu tu, katazo limebaki. Nahodha aliyemleta mama mwenye uchungu kutoka Matondoni atakuwa bado mkosaji, na kanuni nyingine yaweza kumnyima leseni kwa kosa hilohilo. Ukiandika "katibu atatoa kibali wakati wa dharura", ni vibaya zaidi, maana sasa mgonjwa angoje katibu aamshwe.

Pima maandishi yote mawili, kanuni ya awali na uliyoigawa, kwa safari zilezile: usiku na kibali, usiku bila kibali, usiku wa dharura. Jibu likitofautiana hata mara moja, umebadilisha sheria. Na "usiku" usiupangie saa, hata ukitamani. Hilo ni la mkutano wa wanachama.