Kumsifu Mwenzako wa Kazi kwa WhatsApp: Faili Limo Wapi?

Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Siku moja yenye shughuli nyingi bandarini Kilindini, dada mmoja anayeshughulikia hati zetu aligundua kwamba invoisi ya mteja inasema katoni 480, na pakingi listi inasema 408. Entri, yaani tamko la mzigo, ilikuwa bado haijapelekwa forodhani. Akampigia mteja, akabanana naye mpaka karatasi iliyosahihishwa ikaja jioni ile ile, na kontena likatoka bila kutozwa gharama za ziada za hifadhi.

Usiku, saa nne na dakika arobaini, nikamwandikia: "Dia, leo umenifurahisha sana. Wewe ni wa kipekee 🌹."

Hakujibu. Asubuhi salamu yake ilikuwa fupi, na tangu siku hiyo kila faili aliyonitumia alimnakili meneja. Wiki ya pili nikaupeleka ujumbe kwa mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima ninayemheshimu. Akausoma mara mbili, akaniuliza: "Mwanangu, humu faili limo wapi?"

Halikuwemo. Hapakuwa na katoni, hapakuwa na invoisi, na mtu mwingine angeusoma asingejua kwamba ni habari ya kazi. Kulikuwa na yeye, na mimi, na ua.

Nilichojifunza zaidi kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Ukiandika "nimekupenda leo", ile "ku" ni yeye. Ukiandika "nimeipenda entri yako", ile "i" ni entri. "Umenifurahisha" ina "ni", yaani mimi na moyo wangu, na mwenzangu hakuajiriwa kuufurahisha moyo wangu. Kwa hiyo kabla ya kutuma huitazama silabi hiyo ya katikati. Ikiwa inaelekea kwangu au kwake, naugeuza usemi mpaka uelekee kwenye kazi: umeikamata, umezilinganisha, umelimaliza. Maneno kama "dia", "mrembo" na "kipenzi" nayatoa kabisa, hata kama ofisini watu huyatumia kwa utani. "Dada" au "Bi" na jina lake inatosha.

Ujumbe ule ningeuandika leo, ungekuwa hivi: "Dada, habari za asubuhi. Ile tofauti ya katoni 480 na 408 uliyoikamata jana kabla ya entri kupelekwa imetuepushia gharama za hifadhi. Nimemweleza meneja kwamba ni wewe uliyeiona. Asante." Umetaja alichofanya na kilichopatikana, na sifa imefika kwa mtu anayeweza kumsaidia kazini. Anayetongoza hamwambii meneja. Tena ujumbe haumdai jibu, naye asipojibu, usimfuate na alama ya kuuliza.

Saa nayo husema. Wazo likinijia usiku, naliandika na kuliacha bila kutuma, kisha nalituma saa za kazi. Emoji ya moyo, ya ua na ya uso wenye macho ya mapenzi siweki. Kidole gumba hakijawahi kuniletea shida. Na kosa moja ambalo wengi hawalioni: kumsifu mtu kazi yake kwa kujibu picha aliyoiweka kwenye status. Yeye amevalia harusi ya ndugu yake, wewe unaandika "kazi nzuri" chini ya picha ile. Atajuaje unasifu kipi?

Nilirudi pia nyuma kwenye simu yangu kuona niliwaandikiaje wanaume. Kijana wetu wa bandarini, aliyetoa makontena matatu kwa siku moja, alipata "Kazi safi, kaka." Hakupata ua. Ulinganisho huo uliniuma kuliko maneno ya yule mama.

Kenya tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 6 kinahesabu hata lugha ya kingono ya maandishi kuwa unyanyasaji, iwapo mwenzako haitaki na inamdhuru kazini. Mwajiri wa watu 20 au zaidi anatakiwa awe na sera juu ya jambo hilo. Ujumbe wangu haukufika huko, lakini anayepokea ujumbe wa kwanza hana namna ya kujua wa pili utakuwaje, na ndiyo maana alianza kujilinda mapema.

Nikamwomba radhi mchana, kwa maandishi, bila kujitetea: "Dada, ujumbe wangu wa usiku ule haukufaa. Samahani. Nilitaka kuisifu kazi ya zile katoni. Hautarudiwa." Sikuongeza "hukunielewa", kwani alinielewa kama maneno yalivyosema.

Akajibu, "Sawa kaka, yamepita." Kwa majuma kadhaa aliendelea kumnakili meneja, nami sikumuuliza.