Sera ya kufanyia kazi za ofisi nyumbani: kabla hujaiandika, jiulize laptopu ikiungua nani analipa

Nataka niongelee hii kitu kwa sababu naona ofisi nyingi ndogo sasa hivi zinaruhusu watu wafanye kazi nyumbani siku mbili tatu kwa wiki, na sera wanayoitumia ni kurasa mbili za templeti ya mtandaoni zenye jina la kampuni limebadilishwa tu. Sisi tulikuwa hivyohivyo. Kampuni ya watu 14 hapa Dar, mimi nipo upande wa utawala na rasilimali watu, sera tunayo, kila mtu kasaini, na tulikuwa tunaamini tumemaliza.

Alafu ikaja masika ya mwaka mmoja. Dada mmoja wa uhasibu akapata taarifa mama yake anaumwa Moshi, akampigia bosi simu, bosi akasema nenda dada, kazi utafanyia hukohuko. Akaenda na laptopu ya ofisi. Siku ya nne umeme ukakatika kama mara tatu asubuhi, ukarudi kwa nguvu, chaja ikatoa harufu ya kuungua na mashine haikuwaka tena. Fundi akafungua akasema bodi imekufa, haitengenezeki.

Aliporudi uongozi ukafungua sera. Sentensi ilikuwa hii: "Mfanyakazi anayefanya kazi nyumbani atawajibika kwa vifaa vya kampuni." Uongozi ukasema Moshi sio nyumbani kwako, wewe unakaa Kimara, kwaiyo umetoa kifaa nje ya sehemu inayoruhusiwa na utalipa bei yote, milioni 2 na laki 4. Yeye akajibu kwa utulivu kabisa, nyumbani ni Moshi, Kimara nimepanga. Na ukweli ni kwamba alikuwa sahihi, maana kwa Kiswahili chetu nyumbani ni kwetu, mtu anakaa mjini miaka ishirini na Desemba bado anasema naenda nyumbani. Na neno "atawajibika" nalo likaleta ubishi wake, je maana yake atakitunza au atakilipa?

Mshahara wake ulikuwa laki 9. Mwezi ule tukamkata laki 4, na mimi ndio niliyeandaa ile mishahara. Wiki mbili baadae ndio nikakaa nikasoma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na ile siku sikulala vizuri. Sheria inasema mwajiri akitaka kukata mshahara kufidia hasara, kwanza hasara iwe imetokea mtu akiwa kazini na iwe ni kwa kosa lake. Pili umpe maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na umekipataje, alafu umpe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya laki 9 ni 225,000. Sisi tulikata laki 4, bila barua, bila kumsikiliza, kwa hitilafu ya umeme ambayo haikuwa kosa lake. Tukamrudishia yote mwezi uliofuata pamoja na barua ya kumuomba radhi, na nikapewa kazi ya kuandika sera upya.

Safari hii sikuanza na utangulizi wa kwamba kampuni inatambua umuhimu wa nini na nini. Nilianza na ile laptopu iliyoungua, nikawa najiuliza ni maneno gani yangekuwepo ule ugomvi usingetokea, na karibu kila kitu kikaangukia kwenye tafsiri ya maneno. Neno nyumbani nikalitoa kabisa. Badala yake tukaandika hivi: "Eneo la kazi nje ya ofisi ni mahali ambapo mfanyakazi amepaandika kwenye fomu na meneja wake akapasaini. Mfanyakazi anaweza kuandika maeneo mawili. Akihitaji kufanyia kazi mahali pengine kwa zaidi ya siku 3 za kazi, atamwandikia meneja kabla ya kusafiri, na jibu la maandishi la meneja, hata la watsapu, litahesabika kuwa ruhusa." Hayo maeneo mawili ni ya makusudi, moja anapokaa, jingine ni kwao, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi. Na ruhusa ya simu haihesabiki, maana ile ya bosi ilikuwa ya simu na siku ya ubishi hakukuwa na wa kuithibitisha.

Hili la eneo lina uzito mwingine ambao wengi hawauoni. Sheria ileile inataka mfanyakazi apewe taarifa za ajira kwa maandishi na mojawapo ni mahali pa kazi, na zikibadilika mwajiri anatakiwa azirekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi alafu amjulishe kwa maandishi. Kwaiyo sera peke yake haitoshi kama mkataba wa mtu bado unasema kituo cha kazi ni ofisini, mpe barua ya nyongeza ya ukurasa mmoja aisaini. Na akiumia, fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni kwa ajali inayotokana na kazi, sasa kama hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ile saa na pale mahali alikuwa kazini mtaanza kubishana mtu akiwa wodini.

Neno la pili lililotupa kazi ni saa za kazi. Sheria ina kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku bila ovataimu, na kufanyia kazi nyumbani hakuziongezi. Tukatenganisha vitu viwili, kuna saa za kazi na kuna saa za kupatikana. Za kupatikana ni kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, hapo simu ipokelewe na meseji zijibiwe, saa zilizobaki mtu anazipanga mwenyewe ilimradi kazi iishe. Ikamsaidia sana mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na mameneja wakaacha kudai majibu saa 4 usiku maana sasa ilikuwa imeandikwa.

Kuhusu inamhusu nani sikuchukua muda mrefu ila kuna kosa moja la kukwepa. Usiandike "wafanyakazi wenye kazi zinazowezekana kufanywa mbali", hapo unaacha kila meneja aamue anavyojisikia na wanaokataliwa wanaona ni upendeleo. Andika vyeo. Mhasibu, mbunifu, afisa mauzo wamo. Mapokezi, dereva na mtunza stoo hawamo, na sababu iandikwe palepale, kwamba kazi yao inahitaji kuwepo. Waliopo kwenye majaribio tulisema watasubiri miezi 3 ya kwanza. Na usimsahau anayebeba laptopu kwenda nayo kwake wikiendi tu kumalizia ripoti, huyu hayupo kwenye ratiba ya kazi za mbali lakini kifaa kipo kwake, kwaiyo kipengele cha vifaa lazima kimguse na yeye.

Majukumu ndio sehemu ambayo templeti nyingi zinaharibu, utakuta "kampuni itahakikisha" mara kumi na hakuna mtu nyuma ya hilo neno kampuni. Mimi nilijiwekea utaratibu kwamba kila jukumu liwe na cheo kimoja, kitendo kimoja na muda. Mfano: "Umeme au intaneti ikikatika kwa zaidi ya dakika 30 ndani ya saa za kupatikana, mfanyakazi atampigia meneja simu. Meneja ataamua siku hiyohiyo kama kazi isogezwe au mfanyakazi aje ofisini. Siku hiyo haitakatwa likizo." Hiyo sentensi ya mwisho iliombwa na wafanyakazi wenyewe tulipowapa rasimu waisome, na mimi nisingeifikiria. Wapeni watu rasimu wiki moja kabla haijasainiwa, watakuonyesha mashimo.

Sasa vifaa. Hapa tulikaa siku mbili. Kila kifaa kina fomu yake, tarehe, hali yake, picha ya mbele na ya nyuma, chaja, na siriali namba. Stika ya chini ya laptopu inafutika kwa joto na jasho, kwaiyo siriali namba tunaitoa kwenye mashine yenyewe, kwenye dirisha la PowerShell unaandika hii:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
```

Inayotokea ndio inaandikwa kwenye fomu, mfanyakazi anaangalia kwa macho yake alafu anasaini. Ikirudi unaandika tena palepale unalinganisha. Pamoja na laptopu kila mtu anapewa kilinda umeme, kile kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa unaporudi, na sera inasema chaja ichomekwe hapo, sio ukutani moja kwa moja. Bei yake ukiilinganisha na ya laptopu ni ndogo sana. Bando ni la kampuni, kiasi maalumu kimeandikwa kwenye kiambatisho na kinalipwa kabla ya tarehe 1, sio mtu atumie yake alafu aanze kudai.

Kwenye kuharibika tukaweka njia tatu. Hitilafu, mfano umeme au uchakavu, kampuni inabeba. Wizi, mfanyakazi aripoti polisi ndani ya saa 24 alete taarifa, na akiwa hajafanya uzembe kampuni inabeba. Uzembe, na huu tumeutaja kwa mifano, kuacha kwenye kiti cha gari au bodaboda, kumpa mtu mwingine atumie, kuchomeka bila kile kilinda umeme alichopewa. Hapo ndio fidia inaweza kuzungumziwa, na hesabu yake imo ndani ya sera. Laptopu tunaihesabia miaka 3. Iliyonunuliwa milioni 2 na laki 4 inashuka laki 8 kila mwaka, ikifa kwa uzembe baada ya mwaka na nusu thamani iliyobaki ni milioni 1 na laki 2, hiyo ndio hasara, sio bei ya mpya. Kwa mshahara wa laki 9 makato hayazidi 225,000 kwa mwezi, kwaiyo ni miezi mitano na kidogo kwenye wa sita, baada ya barua na baada ya yeye kusikilizwa. Mtu akiisoma hiyo anajua kabisa anasaini nini.

Mwisho ni tarehe ya kupitia. Sera yetu ya zamani ilisema "itapitiwa mara kwa mara" na kwa miaka yote ile haikufunguliwa hata siku moja. Sasa inasema itapitiwa kila mwaka kabla ya 30 Septemba, anayeanzisha ni afisa utawala, na tulikwepa Desemba kwa sababu ya kufunga hesabu na likizo. Pia inapitiwa ndani ya siku 30 kukitokea upotevu wa kifaa, au sheria ikibadilika. Na tuliongeza kwamba tarehe ikipita bila kupitiwa sera inaendelea kutumika, ila hakuna mfanyakazi mpya anayeruhusiwa kuanza kazi za mbali mpaka ipitiwe. Septemba ya kwanza meneja mauzo alikuwa na kijana mpya anayemsubiri, akaja mwenyewe mezani kwangu tarehe 12 kuuliza kikao cha sera ni lini.