Ukibonyeza barua pepe kwenye tovuti inafunguka Outlook badala ya Gmail

"Wakuu habari zenu. Nikibonyeza barua pepe ya mtu kwenye tovuti inafunguka Outlook, inataka niweke akaunti. Mimi natumia Gmail ndani ya Chrome tu, kompyuta ni Windows 11. Naitoaje?"

Mkuu, hilo limenisumbua sana pale steshenari, maana wateja wanaotuma maombi ya kazi hubonyeza anwani ya mwajiri kila siku. Mimi nilikosea kwa kuhangaika na Windows peke yake.

Ukiweka kishale juu ya hiyo anwani bila kubonyeza, tazama chini kushoto: kiungo kinaanza na `mailto:`, siyo `https:`. Chrome ikikutana nacho inaangalia kwanza kama kuna tovuti uliyoiruhusu kukipokea. Ikikosa, inakirushia Windows, nayo inafungua programu iliyoandikishwa kwa kazi hiyo. Kwako ni Outlook.

Kwa hiyo anza na Chrome. Andika hii pale juu panapoandikwa anwani:

```
chrome://settings/handlers
```

Hakikisha tovuti zinaruhusiwa kuomba, kisha angalia kama mail.google.com imo kwenye orodha ya zilizokataliwa. Kwangu ilikuwamo! Kuna siku Gmail iliomba ruhusa, mtu akabonyeza kukataa ili kidirisha kimwondokee, na baada ya hapo haikuomba tena. Ifute kwenye orodha hiyo, fungua Gmail upya, halafu tazama mwisho wa sehemu ya anwani: kitatokea kialama cha almasi mbili zilizopandana. Kibonyeze, ruhusu. Viungo vya ndani ya Chrome vitaanza kwenda Gmail hapohapo.

Hapo wengi huishia, kesho yake wanabonyeza anwani iliyo ndani ya faili la Word, Outlook hiyo tena. Word haijui lolote kuhusu Chrome, inauliza Windows moja kwa moja. Nenda Settings, Apps, Default apps. Usihangaike kutafuta jina la programu. Kwenye kisanduku cha juu andika `MAILTO`, bonyeza Outlook inayotokea, chagua Google Chrome. Chrome ikipokea, inaipitishia Gmail kwa ile ruhusa uliyotoa. Ukiruka hatua ya kwanza, Chrome itafunguka na usione barua yoyote.

Kupima upande wa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi kisha Enter:

```
mailto:jaribio@example.com
```

Ikifunguka Gmail yenye anwani hiyo kwenye "To", umemaliza.

Ila kama una akaunti mbili za Gmail humo, barua itafunguka kwenye ile uliyoingia ya kwanza. Mteja wangu mmoja nusura atume maombi yake kwa akaunti ya mkewe. Toka zote, kisha ingia kwanza na ile unayoitaka.