Kupeleka maneno kati ya marafiki waliokosana bila kuyatia chumvi

"Rafiki zangu wawili wamegombana kwa ajili ya hela, hawasemeshani, kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Nifanyeje nisionekane nina upande?"

Tuchukue mfano wa deni, maana ndilo linalowakosanisha wengi. Asha alimkopesha Rehema Sh 200,000 za mtaji wa mitumba. Rehema amerudisha 80,000, na anasema 40,000 nyingine alimlipa fundi cherehani wa Asha kwa niaba yake. Sasa Asha anakuambia: "Mwambie nataka 120,000 yangu kabla ya tarehe 30, la sivyo namwambia mumewe."

Usiondoke kwanza. Mrudishie maneno yake kama ulivyoyasikia, halafu muulize, "La mumewe nalo nilifikishe?" Mara nyingi mtu akisikia hasira zake zikitoka kinywani mwa mwingine, anazipunguza mwenyewe. Akishikilia, na wewe hutaki kubeba vitisho, mwambie wazi hilo hulipeleki. Ukilidondosha njiani kimyakimya, Asha atahesabu kwamba Rehema ameonywa na akapuuza.

Ukifika kwa Rehema, kiasi na tarehe visibadilike. Kinachoharibu hapa mara nyingi ni huruma kuliko umbea. Unasema "anaomba upunguze deni lake ukipata nafasi", Rehema anatulia, tarehe 30 inapita, Asha anawaka, na wote wawili wanakugeukia wewe. Anza na "Amesema", maliza alichosema, nyamaza.

Rehema atajibu kuhusu ile 40,000. Hata kama unajua fundi alilipwa kweli, usianze kumtetea ukirudi kwa Asha. Muombe Rehema ujumbe wa muamala, na ruhusa ya kuuonyesha. Asipojibu kitu, peleka "sijapata jibu", usipeleke "amekataa".

Sauti za WhatsApp usiziforwadi, wala skrinshoti. Sauti iliyorekodiwa asubuhi mtu akiwa na hasira itasikilizwa usiku, tena itarudiwarudiwa, wakati aliyeisema keshapoa. Na alichokuambia Asha huku akilia, kama hakukutuma, kinabaki kwako.

Kuna swali lazima utaulizwa: "Kwani wewe unaonaje?" Ukilijibu, kazi imeisha, kwa sababu jibu litafika upande wa pili kabla yako. Sema tu, "Mimi nimebeba ya kwenu wote, la kwangu halimo." Jichunguze pia: ukijikuta kwa mmoja unasema "lakini naye muelewe" na kwa mwingine husemi hivyo, umeshaegemea.

Mizunguko ikiwa inarudisha maneno yaleyale na kilichobaki kubishaniwa ni ile 40,000 tu, salamu hazitasaidia tena, maana mwenye jibu ni fundi. Waulize ni siku gani wote wanaweza kufika kwake, na huo uwe ujumbe wako wa mwisho kuupeleka.