Shikamoo ya kwenye simu

Swali la wiki: "Wakwe wakiwa nchi nyingine, ujumbe wa simu unatosha kuwasalimu, au ni lazima upige?"

Unatosha. Tena mara nyingi unafaa kuliko simu, maana mtu aliye mbali huusoma kwa wakati wake. Ila swali hili limeniuma kwa sababu nyingine. Familia nyingi za huku Kisumu zilizooa au kuoza binti Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hazikosani na wakwe kwa kutopiga simu. Hukosana kwa ujumbe ulioandikwa kwa mapenzi yote, ukafika ukiwa baridi.

Mdogo wangu ameoa Mwanza. Mimi nilikaa Musoma kwa muda nikinunua dagaa, hii omena yetu, kwa hivyo akitaka kuwaandikia wakwe huniletea simu kwanza. Mama mkwe wake aliugua, akalazwa, akatoka. Hata nguvu hazijamrudia vizuri, akawatumia gunia la mchele kwa basi. Mdogo wangu aliguswa sana. Aliandika ujumbe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha anayoandikia kazini, kisha akaugeuza mwenyewe:

"Habari mama. Nimeskia ulikuwa mgonjwa, umepona? Asante kwa ile mchele ulituma. Nataka kukuja kuwaona Disemba. Nitumie namba mpya ya baba nimpigie. Nawapenda sana."

Ukiusoma Kondele, hapa Kisumu, huo ni ujumbe wa kijana mwema. Habari, asante, ahadi ya kuja, mapenzi. Ukisomwa Mwanza ni mambo mengine, na nilimwambia asiutume.

Tulianza na salamu. Kwetu bara ya Kenya shikamoo haijakaa mdomoni. Tunaijua ya watu wa Pwani na ya vitabuni, na mzee ukimwambia "habari yako" ameridhika. Kule mtoto huifundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mkwe anayemwambia mama mkwe "habari" amejiweka rika moja naye, na hakuna neno tamu litakalofuata la kuliondoa hilo. Mdogo wangu aliuliza kama basi aandike "mama mkwe" ili heshima ionekane. Hapana. Mama mkwe ni cheo unachokitaja ukimzungumzia kwa watu wengine. Yeye mwenyewe unamwita mama, basi.

Aliuliza pia kama amwandikie kwa wingi, "mnaendeleaje", kama Wafaransa wanavyomwambia mtu mmoja "ninyi" kwa adabu. Kiswahili hakimdai hivyo. "Unaendeleaje" kwa mama mmoja si utovu wa adabu hata kidogo. Wingi unahitajika pale tu unapowagusa yeye na baba pamoja, kama kwenye shukrani ya mchele, kwa sababu mchele umetoka nyumbani kwao wote wawili. Heshima yetu hukaa kwenye salamu, kwenye jina unalomwitia mtu, na kwenye namna ya kuomba.

Kuomba ndiko kulikochukua muda mrefu. Mkenya akiingia mkahawani husema "leta chai", na mhudumu haoni ubaya. Mtanzania husema "naomba chai", pesa akiwa nazo mkononi. Sasa "nataka kukuja" na "nitumie namba", vilivyo vya kawaida kabisa kwetu, vikifika kule vinakuwa amri mbili kwa mfuatano, tena kwa mgonjwa. Kwenda ukweni kunaombwa. Mwenye nyumba hupewa nafasi ya kusema Desemba haifai bila kuonekana amekataa wageni.

Ugonjwa nao. Kabla ya kuuliza lolote unasema pole. "Umepona?" humfunga mtu ajibu ndiyo au la, na huyu alikuwa hajapona, "unaendeleaje" humwachia aseme kiasi anachotaka. Na kule hawasemi sana "ulikuwa mgonjwa", husema "ulikuwa unaumwa".

Mwisho "nawapenda sana". Hapa tulibishana kweli. Alisema ndiyo sentensi pekee iliyobeba moyo wake. Lakini kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe wana umbali wao, hata kulala nyumbani kwake ni mwiko. Mapenzi ya mkwe huonekana kwenye kumtaja mtoto wake na wajukuu wake kwamba ni wazima. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, akafuta.

Ukatoka huu:

"Shikamoo mama. Tumepata habari kwamba ulikuwa unaumwa, pole sana. Unaendeleaje sasa? Mchele umefika salama, tunawashukuru sana wewe na baba. Mungu akijalia, tunaomba kuja kuwasalimu mwezi wa Desemba, kama mtakuwa na nafasi. Naomba pia namba mpya ya baba nimsalimie. Mama Neema na watoto hawajambo, wanawaamkia. Ni mimi mwanenu, Baba Neema."

Ujumbe mmoja wa kawaida huchukua herufi 160, kwa hiyo huu ulihesabiwa kama tatu. Alitaka kuukata, aandike "shkm" na "xaxa" kama vijana. Nilikataa, na sababu yake ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mama yule ana simu ya kitochi, hii tunayoiita mulika mwizi, na macho yake hayaoni maandishi madogo. Ujumbe husomewa na mjukuu, kwa sauti, sebuleni, pengine na jirani aliyekuja kumjulia hali akiwa amekaa pale pale. Kwa hivyo ujumbe kwa wakwe unaandikiwa sikio, na sikio si moja. Usome kwa sauti kabla hujautuma. Pale ulimi wako unapokwama, mtoto wa darasa la nne atakwama pia. Na pale unapoona haya jirani kusikia, futa.

Jioni ile mama alipiga mwenyewe, kwa salio lake. Alisema ujumbe umesomwa, umependeza, lakini shikamoo ameisikia kwa sauti ya mjukuu, na marahaba hawezi kumpa mjukuu. Mdogo wangu akamwamkia upya, akaitikiwa, ndipo wakazungumza.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa na hakika kwamba ujumbe unatosha. Sasa nikiikumbuka simu ile naona nimesema haraka. Shikamoo ni ya watu wawili. Mmoja huitoa, mwingine huiitikia, na kwa adabu unasubiri uitikiwe ndipo uendelee na maneno yako. Kwenye ujumbe unaamkia na papo hapo unaomba namba. Hata ukiandikwa vizuri namna gani, umemruka mzee.

Kwa hiyo nasema hivi: mkwe mzee, aliyeugua au aliyefiwa, apigiwe kwanza, hata dakika mbili, kisha ujumbe ufuate ukibeba shukrani na maombi. Kwa shemeji na wifi wa rika lako ujumbe peke yake hauna neno, ila kumbuka kwamba huku tunamwita kila mtu shemeji, na kule mke wa kaka akiandikiwa na dada wa mumewe hutarajia kuitwa wifi. Na kama una wakwe wa Tarime au Rorya wanaozungumza Kijaluo kama sisi, waandikie Kijaluo uachane na haya yote, isipokuwa mke wa nyumba ile awe ametoka Tanga au Morogoro. Huyo mpigie.