Barua kwa mwanangu: msigawane kufanya, gawaneni kueleza

"Mama, tuko watatu kwenye kikundi chetu cha kujisomea. Tunagawana maswali, kila mtu anafanya yake, halafu tunapeana majibu. Lakini kwenye mtihani yale waliyofanya wenzangu yananishinda. Tufanyeje?"

Mwanangu,

Mkiwa na maswali 12 na kila mmoja akachukua manne, basi kila mmoja wenu amefikiri mara nne na kunakili mara nane. Jibu la kunakili huonekana jepesi ukilisoma, kwa kuwa mwenzako ameshaamua aanzie wapi na atumie kanuni ipi. Mtihani unakudai huo uamuzi wenyewe.

Kwa hiyo kila mtu ajaribu maswali yote peke yake kabla hamjakutana, hata kama mengine yatamshinda mstari wa pili. Aweke alama pale alipokwama. Mkikutana ndipo mgawane, ila mnachogawana ni zamu za kueleza. Swali mpeni aliyebahatisha au aliyefika nusu, wala si bingwa wenu. Bingwa akieleza, wengine hutikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa hakuna anayeshindwa.

Anayeeleza afunge daftari, ashike karatasi tupu na aseme kila hatua kwa sauti. Wa pili ni muulizaji, na maneno yake makubwa ni "kwa nini?" na "ingekuwaje kama?" Wa tatu anashika kitabu cha majibu na kunyamaza mpaka mwisho. Hiyo ya kunyamaza ndiyo inayowashinda wengi, maana mtu akiliona jibu mdomo unamwasha. Swali likiisha, mnabadilishana nafasi.

Nikupe mfano wa fizikia, kwa kuwa ndiko nilikozeekea. Mpira umerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ukifika kileleni, mchapuko wake, yaani kasi yake inavyobadilika kwa kila sekunde, ni ngapi? Mwelezaji atajibu bila wasiwasi: "Pale juu mpira umesimama, kwa hiyo mchapuko ni sifuri." Muulizaji asimwambie amekosea. Amwombe aandike kasi ya mpira kila sekunde, akichukulia mvutano wa dunia unaibadilisha kwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, na upinzani wa hewa wakiuacha. Ataandika: mwanzo 20, baada ya sekunde moja 10, baada ya mbili sifuri, baada ya tatu 10 kwenda chini.

Sasa muulizaji aulize: "Kutoka sekunde ya pili hadi ya tatu, ni nini kimeutoa kwenye sifuri?" Hapo kutakuwa na kimya. Mwacheni akae nacho, msimwokoe. Kama mchapuko ungekuwa sifuri na kubaki hivyo, kasi isingebadilika tena, na mpira ungebaki ukining'inia hewani. Kilichofika sifuri ni kasi. Mchapuko ni ule ule 10 kuelekea chini, tangu mpira ulipoachwa na mkono hadi udakwe.

Akishaliona, arudie maelezo yote tangu mwanzo kwa maneno yake. Wengi huruka hatua hii, wakasema "aa, nimeelewa" na kufungua ukurasa. Kuonyeshwa kosa ni jambo moja, na kuweza kuipita njia nzima bila kuliangukia ni jambo jingine.

Masikio yenu yazoee dalili. Mtu akisema "si mnaelewa lakini", au "hapa ni kanuni tu", au akianza kusoma alama badala ya kusema maana yake, muulizaji amsimamishe papo hapo. Mara nyingi shimo liko nyuma ya maneno hayo. Ila msiulize "kwa nini" kwa kila kitu: majina, tarehe na vipimo ni vya kuulizana haraka haraka na kupita.

Kuna hatari moja. Watatu mnaweza kukubaliana juu ya jambo lisilo sahihi, tena kwa furaha. Ndiyo maana mmoja ana kitabu. Kitabu kikiwa na namba ya mwisho tu na yenu haifanani nayo, msiitafutie sababu ya kuilazimisha ifanane. Andikeni swali na mahali hasa njia zenu zinapoachana, mpelekeeni mwalimu. Akiona mahali penyewe hatawarudisha mwanzo wa mada.

Kwa njia hii hamtamaliza maswali 12 kwa kikao kimoja, na msijaribu. Chagueni yale yenye alama za kukwama kutoka kwa zaidi ya mmoja wenu. Baada ya siku chache yarudieni, na safari hii aeleze yule aliyekuwa ameshika kitabu.

Mama yako